Nukuu Elfu Tano na Lebo Zake

Methali, misemo na vipande vya hotuba na vitabu vipatavyo elfu tano huchukua takriban megabaiti moja tu ya simu. Kuzihifadhi ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuipata ile inayohitajika, kwa sababu msomaji anayetaka maneno ya kumpa rafiki aliyefiwa hawezi kuzipitia zote, na kutafuta kwa neno hakumfikishi mbali. Methali "Mchumia juani hulia kivulini" inazungumzia kazi kuliko kitu kingine chochote, lakini neno kazi halimo ndani yake. Kwa hiyo kila nukuu hupewa lebo zinazojibu maswali manne: imetoka wapi, inahusu nini, ina toni gani, na iko katika lugha gani.

Wengi wanaoanza kutengeneza programu ya namna hii huweka lebo zote katika safu moja, zikitenganishwa kwa mkato. Nukuu mia moja za kwanza hazileti tabu. Baadaye mtu anatafuta `%kazi%` na kuletewa pia kila nukuu yenye lebo ya makazi, kwa kuwa herufi nne anazozitafuta zimo ndani ya neno hilo. Tabu kubwa zaidi ni kwamba mambo manne yaliyorundikwa pamoja si ya aina moja. Lugha na chanzo ni mambo ya hakika: yanaweza kuchunguzwa, na anayekosea anaweza kuoneshwa kosa lake. Mada na toni ni uamuzi wa msomaji, na wasomaji wawili makini wanaweza kutofautiana bila yeyote kukosea. Tena, nukuu moja huwa na mada kadhaa, lakini huandikwa katika lugha moja. Hifadhidata nzuri huziweka tofauti hizo wazi. Katika SQLite, ambayo simu za Android huja nayo, mpango unaotosha ni huu:

```sql
CREATE TABLE nukuu (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  maneno TEXT NOT NULL,
  lugha TEXT NOT NULL,
  lugha_asili TEXT,
  toni TEXT,
  toleo_la INTEGER REFERENCES nukuu(id),
  chanzo_id INTEGER REFERENCES chanzo(id)
);
CREATE TABLE nukuu_mada (
  nukuu_id INTEGER REFERENCES nukuu(id),
  mada_id INTEGER REFERENCES mada(id),
  PRIMARY KEY (nukuu_id, mada_id)
);
```

Majedwali ya `chanzo` na `mada` hukaa pembeni, kila moja na namba zake. Jedwali la `nukuu_mada` ndilo linaloiwezesha nukuu moja kuwa na mada tatu, na mada moja kuwa na nukuu mia nne, bila neno kurudiwa popote.

Chanzo huonekana rahisi mpaka kazi inapoanza. Chukua sentensi inayotamkwa na Bruto katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili. Maneno hayo yanatamkwa na mhusika, yametungwa na mwandishi wa Kiingereza, na yamewekwa katika Kiswahili na mfasiri aliyekuwa pia kiongozi wa nchi. Programu yenye nafasi moja tu ya jina italazimika kuchagua, na mara nyingi litaandikwa jina la Nyerere kwa kuwa ndilo linalofahamika. Hapo anayetafuta mawazo ya Nyerere kuhusu utawala ataletewa hoja za muuaji wa Kaisari kana kwamba ni hotuba ya Mwalimu. Jedwali la chanzo linahitaji nafasi ya msemaji, ya mwandishi, ya mfasiri, ya jina la kazi na ya mwaka, hata kama nyingi zitabaki tupu. Mwaka nao una umuhimu wake: tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1963 kwa jina la "Julius Caezar", kisha ikatoka tena mwaka 1969 ikiwa imerekebishwa na kuitwa "Juliasi Kaizari". Mkusanyaji asiyejua hilo atakuwa na vitabu viwili katika orodha yake, na nukuu zake zitagawanyika bila sababu.

Methali zina jambo lao. W. E. Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa, alichapisha mkusanyo wa methali za Waswahili mjini London mwaka 1891. Methali iliyochukuliwa humo si maneno ya Taylor. Yeye aliinukuu tu. Msemaji wake ni jamii, na kitabu ni mahali ilipopatikana. Mambo hayo mawili yakichanganywa, mtumiaji ataoneshwa jina la Mwingereza chini ya methali ya Kimvita, kosa ambalo ni la aibu na ni rahisi kuliepuka.

Chanzo huhitaji pia safu ndogo ya uhakika yenye maneno matatu tu: `imethibitishwa`, kwa nukuu ambayo mkusanyaji ameikuta mwenyewe kwenye kitabu au rekodi, `inahusishwa`, kwa ile inayozunguka na jina la mtu bila ushahidi, na `haijulikani`. Msemo kwamba anayetaka kwenda haraka aende peke yake na anayetaka kufika mbali aende na wenzake husambaa duniani kote kwa jina la "methali ya Kiafrika", bila kutajwa lugha wala watu walioutunga. Afrika ina lugha zipatazo elfu mbili, na chanzo kinachotaja bara zima hakitaji kitu. Nukuu kama hiyo ibaki kwenye mkusanyo, lakini iandikwe `haijulikani`, na mtumiaji aione alama hiyo.

Lugha haina maneno mengi. Hutumika misimbo ya kimataifa: `sw` kwa Kiswahili, `en` kwa Kiingereza, `ar` kwa Kiarabu. Mkusanyaji anayetaka kutenganisha Kiswahili cha pwani na cha Kongo ana `swh` na `swc`. Kitu kimoja husahaulika sana, nacho ni lugha ya asili. Sentensi ya Juliasi Kaizari ina `lugha` ya `sw` na `lugha_asili` ya `en`, na bila safu hiyo ya pili kila tafsiri itahesabiwa kuwa tungo ya Kiswahili. Programu zinazotambua lugha zenyewe zisiaminiwe hapa, kwani methali ya maneno manne ni fupi mno kwao kupata ishara za kutosha.

Katika mada ndiko mikusanyo mingi huharibikia. Mtu huweka lebo ya elimu leo, masomo kesho, shule wiki ijayo, kisha kujifunza na ujuzi. Baada ya mwezi ana lebo mia tatu, nusu yake zikiwa na nukuu moja moja, na anayebonyeza elimu hupata sehemu ndogo tu ya anachokitaka. Kiswahili huongeza tatizo hili kwa sababu maneno yetu hubadilika mwanzoni: mwalimu, walimu na ualimu zitakuwa lebo tatu zinazokaa mbali katika orodha ya alfabeti, na jicho halitaona kwamba ni za ukoo mmoja.

Dawa ni orodha iliyofungwa. Kwa nukuu elfu tano, mada arobaini hadi sitini zinatosha. Zote ziwe nomino, kila moja na sentensi inayoeleza inabeba nini na inaacha nini. Chini ya "elimu" inaandikwa kwamba inabeba shule, masomo, ualimu na kusoma, lakini malezi ya nyumbani yana mada yake. Maneno hayo mengine hayatupwi. Huwekwa kwenye jedwali dogo la visawe, ili mtumiaji akiandika "masomo" apelekwe kwenye elimu. Kila nukuu ipewe mada moja hadi tatu. "Mkono mmoja haulei mwana" inapata malezi na ushirikiano, na hapo inatosha. Anayeongeza familia, watoto, jamii na umoja anazijaza mada hizo nukuu zinazozigusa kwa mbali tu.

Afya ya orodha hupimika. Swali hili huleta mada zenye nukuu moja tu:

```sql
SELECT mada_id, COUNT(*) AS idadi
FROM nukuu_mada
GROUP BY mada_id
HAVING idadi = 1;
```

Mada nyingi zikitokea hapo, orodha imekatwa vipande vidogo mno na inahitaji kuunganishwa. Upande wa pili, mada iliyobeba zaidi ya robo ya mkusanyo, na "maisha" ndiyo mkosaji wa kawaida, haimsaidii mtu kuchagua kitu. Hiyo igawanywe au ifutwe.

Toni ina mtego mwingine. "Hakuna marefu yasiyo na ncha" ikisemwa kwa aliye katika shida ni faraja. Ikisemwa kwa mwenye kuonea wengine ni onyo. "Asante ya punda ni mateke" kinywani mwa mzazi ni masikitiko, lakini ikisomeka kwenye kanga aliyojifunga jirani huwa kijembe, na anayelengwa hukijua. Toni basi imo katika maneno, na imo pia katika kinywa na sikio. Programu haiwezi kuyajua hayo, kwa hiyo inahitaji kanuni: toni iamuliwe kwa jinsi maneno yanavyosomeka yenyewe, bila mazingira, kutoka orodha fupi kama nasaha, onyo, faraja, kejeli, mzaha, huzuni na sifa. Methali yenye sura mbili zinazolingana iachwe bila toni. Haitatokea mtu anapochuja kwa faraja, na hasara hiyo ni ndogo kuliko kumpelekea mfiwa maneno yanayosomeka kama kitisho.

Kama orodha ya toni inafanya kazi hujulikana kwa jaribio: watu wawili wazipe toni nukuu mia moja zilezile bila kuulizana, kisha walinganishe. Kukubaliana mara themanini kunasikika kuwa kwingi. Lakini chukua kwamba zilikuwa toni mbili tu, nasaha na kejeli, na kila mmoja alichagua nasaha mara sabini. Hata kama wangechagua kwa kubahatisha, wangekutana mara hamsini na nane hivi. Mwaka 1960 Jacob Cohen alitoa kipimo kinachoondoa sehemu hiyo ya bahati. Katika mfano huu, themanini hushuka na kuwa takriban nusu ya makubaliano yaliyowezekana kupatikana juu ya bahati. Cha maana zaidi ni kuangalia walipogongana. Wakichanganya nasaha na onyo kila mara, toni hizo mbili ziunganishwe, kwa sababu mtumiaji naye hatazitofautisha.

Baada ya lebo hubaki marudio. "Haraka haraka haina baraka" na "Harakaharaka haina baraka" hunaswa kwa kuondoa nafasi, alama na herufi kubwa kabla ya kulinganisha. "Yasiyo na ncha" na "yasiyokuwa na ncha" hazinaswi hivyo. Hizo huhitaji kulinganishwa kwa vipande vya herufi tatu tatu, na mtu aamue mwenyewe zile zinazokaribiana. Toleo la pili halifutwi, kwani huenda ndilo analolijua msomaji. Safu ya `toleo_la` huliunganisha na lile kuu, nalo hurithi mada zake.

Tahadhari ya mwisho ni ya kiufundi. SQLite haisimamii uhusiano kati ya majedwali mpaka iamriwe, na amri hiyo hutolewa upya kila programu inapoifungua hifadhidata:

```sql
PRAGMA foreign_keys = ON;
```

Bila hiyo, mada ikifutwa, mistari yake katika `nukuu_mada` hubaki ikielekeza kwenye namba isiyokuwepo. Programu haitatoa kosa lolote. Dalili pekee ni idadi: mada zikihesabiwa kutoka jedwali la uhusiano huwa nyingi kuliko zilizomo kwenye orodha.