Hongera kwa wakulima wa ndengu: Lori la kwanza la pamoja laondoka likiwa limejaa

Serikali ya kaunti inakipongeza kikundi cha wakulima 43 wa ndengu kwa kuuza mavuno yao kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Magunia 112 ya kilo 90 yalipimwa, yakapakiwa katika lori moja na kulipiwa siku hiyo hiyo. Kwa kuwa wakaazi wengi wamekuwa wakiuliza maafisa wa kilimo jinsi mauzo hayo yalivyofanyika, makala haya yanaeleza hatua zilizofuatwa, faida iliyopatikana na mahali ambapo mpango ulikaribia kuvunjika.

Kwa miaka mingi wakulima hao wamekuwa wakiuza ndengu langoni kwa madalali, kila mtu peke yake, mara tu baada ya kuvuna mazao ya mvua za vuli. Kipimo kilikuwa gorogoro, mkebe unaohesabiwa kuwa wa kilo mbili. Kabla ya kuanza mpango wao, wanachama walijaza mkebe wa dalali mmoja jinsi anavyoujaza yeye, hadi ukafanya kilima juu, kisha wakaupima kwa mizani. Ulikuwa na kilo 2.3. Hapo ndipo walipoelewa kwamba katika kila mikebe saba walikuwa wakitoa zaidi ya kilo mbili bila malipo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kukubaliana juu ya mbegu. Mnunuzi wa jumla hutaka punje zinazofanana. Aina ya N26, ambayo wengi huiita nailoni, ina punje ndogo zinazong'aa, ilhali KS20, maarufu kama anko, ina punje kubwa zisizong'aa. Zikichanganywa katika gunia moja, bei hushuka hata kama kila aina ni nzuri. Kikundi kiliamua kupanda nailoni pekee kwa ajili ya mauzo ya pamoja. Mwenye aina nyingine aliruhusiwa kuipanda kwa chakula cha nyumbani.

Hatua ya pili ilikuwa kukausha na kusafisha. Ndengu zilipurwa na kuanikwa juu ya turubai badala ya ardhini, kwa sababu mchanga na vijiwe hufanya mzigo ukataliwe. Kwa kuwa kikundi hakikuwa na kifaa cha kupima unyevu, afisa wa kilimo wa wadi aliwafundisha kutumia chumvi. Chupa kavu ya kioo hujazwa ndengu hadi robo, huongezwa vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, hufungwa na kutikiswa vizuri, kisha huachwa itulie kwa dakika 15 hivi. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, ndengu bado zina unyevu na hurudishwa juani. Isipogandamana, ziko tayari kuhifadhiwa.

Kipimo hicho kiliokoa mzigo wote. Magunia tisa yaliyoletwa ghalani yalionyesha chumvi iliyoganda na wenyewe wakaambiwa wayarudishe. Baadhi yao walikasirika, lakini sheria ilikuwa imeandikwa na kutiwa sahihi kabla ya msimu. Gunia moja lenye unyevu huleta kuvu na joto ndani ya rundo, na mnunuzi anayelikuta hupunguza bei ya lori zima. Magunia hayo tisa yaliletwa tena baada ya siku nne yakiwa makavu.

Hatua ya tatu ilikuwa mizani. Kikundi kilikodi mizani iliyokaguliwa na yenye chapa ya idara ya vipimo ya kaunti. Kila mwanachama alipimiwa mbele ya wengine, akapewa risiti yenye jina lake, tarehe na kilo, na nakala ikabaki katika daftari la ghala. Risiti hiyo ndiyo iliyotumika baadaye kugawa pesa, kwa hivyo hapakuwa na mabishano.

Ugumu mkubwa ulikuwa kusubiri. Wanachama walikuwa wameahidi magunia 140. Hata hivyo, mavuno yaliangukia wakati wa karo, na madalali walikuwa wakipita kila asubuhi na pesa mkononi. Siku mbili kabla ya lori kufika, ghalani kulikuwa na magunia 97 tu. Mnunuzi alikuwa amesema wazi kwamba bei yake ni ya mzigo wa tani 10 kwenda juu, kwa sababu gharama ya lori ni ile ile liwe limejaa au halijajaa. Viongozi walizunguka nyumba kwa nyumba. Hawakuwalaumu waliokwisha kuuza. Waliomba kila aliyebakiza gunia alilete, na 15 yakapatikana. Mzigo ukawa kilo 10,080, kilo 80 tu juu ya kiwango kilichotakiwa.

Mnunuzi alilipa shilingi 102 kwa kilo, jumla shilingi 1,028,160. Pesa ziliingia katika akaunti ya kikundi, ambayo hutolewa kwa sahihi za watu watatu, na lori halikuruhusiwa kuondoka kabla ya benki kuthibitisha. Shilingi sita kwa kila kilo zilikatwa kulipia magunia, kodi ya ghala na mizani, vibarua wa kupakia na akiba ya kikundi. Mkulima akabaki na shilingi 96.

Kwa mwanachama aliyeleta magunia matatu, yaani kilo 270, malipo yalikuwa shilingi 25,920. Kama angeuza kwa gorogoro ya kilo 2.3 kwa bei ya dalali ya shilingi 160, angepata mikebe 117 na shilingi 18,720. Tofauti ni shilingi 7,200. Lakini alisubiri wiki tatu kuipata, na si kila nyumba inaweza kusubiri kiasi hicho.

Ndiyo maana kikundi kimebadilisha kanuni moja kwa msimu ujao. Badala ya kumtaka mwanachama aahidi mavuno yote, kila mmoja atatenga mapema sehemu ya kuuza mara moja kwa mahitaji ya nyumbani, na kuahidi ile tu anayoweza kuisubirisha. Pia akiba iliyokatwa itatumika kumkopesha mwanachama mwenye dharura, akiweka risiti yake ya ghala kama dhamana. Ahadi zitakuwa chache, ila zitakuwa za kweli, na mnunuzi ataambiwa kiasi ambacho kitafika.

Kikundi kinachotaka kufuata njia hii kinahitaji kwanza kusajiliwa. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinapaswa kuwa na wanachama wasiopungua 10, katiba, na viongozi waliochaguliwa, na maombi hupelekwa kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Usajili ndio unaowezesha kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Kuhusu mbegu, ukaushaji na hifadhi, wakaazi wamwone afisa wa kilimo wa wadi yao. Na anayeshuku mizani au mkebe anaopimiwa ana haki ya kuitisha chapa ya ukaguzi, na akikataliwa, apige ripoti katika ofisi ya vipimo ya kaunti.