Kuupitia wasifu wa marehemu kabla haujasomwa

Wasifu wa marehemu ni maelezo ya maisha yake yanayosomwa siku ya kuaga mwili, nyumbani au kanisani. Katika mazishi mengi ya Kikristo nchini Tanzania unafuata mkondo uliozoeleka: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, ugonjwa na kifo, kisha idadi ya watoto na wajukuu alioacha. Kwa Waislamu maziko hufanyika mapema na kwa kawaida hakuna wasifu mrefu; msemaji wa familia huomba marehemu asamehewe na kumtaja mtu wa kuonwa na wanaomdai. Rasimu ya wasifu huandikwa usiku, msibani, na mfiwa ambaye simu yake haitulii na kila anayepita anamwongezea habari. Inafaa ipitiwe na mtu mwingine aliyemjua marehemu vizuri lakini ambaye msiba haujamlemea: mpwa, jirani wa siku nyingi, au katibu wa kamati ya mazishi.

Uchukuliwe mfano wa rasimu iliyoandikwa na kifungua mimba wa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ina maneno 1,600, na ratiba imetenga dakika 8.

Kazi huanza na tarehe, kwa sababu ndizo rahisi kukosea na rahisi kugunduliwa. Rasimu inasema mwalimu alizaliwa Agosti 1952, akafariki Machi 2024 akiwa na miaka 72. Hesabu sahihi ni 71, na fundi wa msalaba tayari amepewa tarehe hizo. Mbele kidogo ndoa imeandikwa ya mwaka 1979 na mtoto wa kwanza wa mwaka 1977. Huenda zote ni kweli, lakini hakuna sababu ya kuwapa waombolezaji hesabu ya kufanya wakiwa wamekaa kwenye maturubai. Watoto wakitajwa kwa kufuatana, bila miaka yao, hakuna kinachopotea.

Baada ya tarehe zinafuata sifa, na hapa rasimu nyingi hulegea. Mwalimu huyu ameitwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu na mcha Mungu, maneno yanayoweza kusomwa kwa marehemu yeyote, hata yule wa wiki iliyopita kijiji cha pili. Njia ya kuyapima ni kuuliza kwa kila sifa: alifanya nini? Aliyemwita mkarimu akikumbuka kwamba mwalimu alimlipia jirani ada ya kidato cha kwanza, habari hiyo ndiyo ya kuandikwa, na neno "mkarimu" linaweza kufutwa. Akikosa cha kujibu, sifa hiyo inaondoka.

Hatari zaidi ni sifa inayopingana na kumbukumbu za wasikilizaji. Rasimu inasema, "Aliwapenda wanafunzi wote kama wanawe wa kuwazaa." Nusu ya waliokaa pale walikuwa wanafunzi wake, na wanaikumbuka fimbo yake. Sentensi hiyo itazaa minong'ono, pengine hata kicheko. Baada ya kuulizana na wawili watatu waliosoma kwake, aya hiyo iliandikwa upya: "Mwalimu alikuwa mkali. Aliyechelewa namba alijua kinachomngoja. Lakini kila mwaka, mtihani wa darasa la saba ulipokaribia, aliwakusanya wanafunzi jioni barazani kwake na kuwafundisha hesabu kwa mwanga wa chemli, bila kudai hata senti." Ukali umetajwa kwa heshima, na mapenzi yake kwa wanafunzi yanaonekana bila kutangazwa. Wasifu haulazimiki kutaja kasoro za marehemu. Pombe yake, kwa mfano, inaweza kunyamaziwa. Kinachoharibu ni kukanusha lile ambalo kijiji kizima kinalijua: kuandika kwamba "hakuwahi kugusa kilevi" kunawafanya watu wayatilie shaka hata yaliyo kweli.

Uwiano hupimwa kwa kutazama ni nafasi kiasi gani imepewa kila sehemu ya maisha. Katika rasimu hii, vituo saba vya kazi vimemaliza ukurasa mzima, kila uhamisho na mwaka wake. Mke aliyeishi naye miaka 45 amepata mstari mmoja, na miaka baada ya kustaafu haipo kabisa. Sababu inaeleweka: mwandishi aliondoka nyumbani akiwa kijana, akaandika alichokikuta kwenye faili la baba yake. Kitindamimba aliyebaki nyumbani, au mjane mwenyewe, ataijaza miaka hiyo kwa dakika chache za mazungumzo. Jambo jingine la kutazama ni neno "mimi". Mahali panapoeleza jinsi mwandishi alivyosomeshwa hadi chuo kikuu, maisha yanayosimuliwa si ya marehemu tena.

Sehemu nyeti zaidi ni mbili: ugonjwa, na orodha ya walioachwa. Kuhusu ugonjwa, inatosha kusema aliugua kwa muda gani na alitibiwa wapi. Jina la ugonjwa hutajwa familia ikiridhia, na maelezo ya vidonda au kukatwa mguu hayana msikilizaji anayeyahitaji. Rasimu hii ina sentensi inayowalaumu wauguzi kwa kuchelewa kumhudumia. Huenda lawama hiyo ina ukweli, lakini walioshutumiwa hawapo kujibu, na malalamiko ya namna hiyo yana mahali pake pa kupelekwa. Kuna pia sentensi inayoonekana haina neno: "Kifo chake kimeacha maswali mengi." Msibani, maneno hayo husikika kama kidole kinachomwelekea mtu, na kila mmoja humtafuta mchawi wake. Yafutwe.

Orodha ya walioachwa inasema "mjane mmoja na watoto watano". Mwalimu alikuwa na mtoto wa sita, aliyezaliwa nje ya ndoa, na huyo mtoto yuko hapo hapo msibani akisaidia kuchimba kaburi. Mpitiaji hana mamlaka ya kumwongeza wala kumwacha. Kazi yake ni kuliuliza jambo hilo mapema, kwa faragha, kwa mjane na mzee wa ukoo. Ikiwa mtoto anajulikana na wote, kumwacha ni kumkana mbele ya jeneza la baba yake, na pia ni kuchokoza ugomvi utakaofufuka kwenye kikao cha ukoo cha kumteua msimamizi wa mirathi. Idadi iandikwe sita, majina yafuatane kwa umri, akina mama zao wasitajwe. Lakini ikiwa mjane hajawahi kuambiwa, siku ya mazishi si siku ya kumwambia kwa kipaza sauti.

Urefu huachwa mwisho kwa sababu marekebisho yote yaliyotangulia yanaubadilisha. Msomaji wa Kiswahili asiye na haraka husoma takriban maneno 100 kwa dakika, na mfiwa anayesimama kumeza machozi husoma machache zaidi. Maneno 1,600 yangechukua robo saa na ushei, karibu mara mbili ya muda uliotengwa, huku mchungaji akisubiri na kaburi likitakiwa kufunikwa kabla ya jioni. Rasimu inapaswa kushuka hadi 700 hivi. Cha kwanza kukatwa ni shukrani kwa madaktari, majirani na waliochanga, maana zitarudiwa katika neno la shukrani la familia. Vinafuata vituo vya kazi, ambavyo viwili au vitatu vinatosha, na mahubiri ambayo mwandishi ameyachomeka kati ya aya. Kilichobaki kisomwe kwa sauti, saa ikitazamwa, na yule yule atakayesimama kusoma. Sentensi inayomkatisha pumzi ikatwe mara mbili. Nakala ichapwe kwa herufi kubwa, na nyingine apewe ndugu atakayekaa karibu na kipaza sauti, tayari kuendelea pale sauti ya msomaji itakapokwama.