Nondo za kichwa cha paili

Nguzo yenye mzigo wa kilonewtoni 2,000 imekaa juu ya kichwa cha zege chenye paili mbili, zilizoachana mita 1.8. Mzigo hugawanyika katika mikono miwili ya mgandamizo inayoshuka kwa mshazari, nayo husukuma paili zitengane. Nondo za chini huzizuia. Kimo kati ya vifundo kikiwa mita 0.9, nguvu ya mvuto ni 1,000 × 0.9 ÷ 0.9, yaani kilonewtoni 1,000. Nondo tano za milimita 25 zinatosha.

Kifundo kilicho juu ya paili ndicho cha kuhofiwa zaidi. Kila mkono hubeba kilonewtoni 1,414. Ukikutana na eneo la milimita 424 kwa 400, mkazo ni megapaskali 8.3. Zege ya daraja 30 huruhusu takriban 12.7 hapo. Hata hivyo, nondo zisipokunjwa juu kupita paili, huchomoka kabla ya kufikia nguvu hiyo.