Kadi Nyuma ya Chupa

Jioni ile mama aliniuliza leo nimepiga picha gani, nikasema, "Chupa, mama." Hakuuliza ya nini, nami sikusema. Ilikuwa wiski, kazi yangu ya kwanza ya kulipwa hapa London, na kwa saa nzima ilitoka nyeusi tii kama soda.

Pembeni mambo yalikuwa sawa. Taa mbili ndefu, nyembamba, nyuma kidogo ya chupa, kulia na kushoto, zilichora mstari mweupe kwenye kila ukingo. Lakini wiski haiwaki yenyewe, jamani. Inaonyesha kilicho nyuma yake, na nyuma palikuwa na kitambaa cheusi.

Basi nikakata kadi ya dhahabu kwa umbo la chupa, ndogo kidogo, nikaiegemeza nyuma, taa ya tatu ikaimulika kutoka juu. Ikawa rangi ya asali! Ukiona mstari mkali ndani ya kinywaji, huo ni ukingo wa kadi. Mimi nilikata mara nne.

Lebo ilibaki gizani. Nikaipiga peke yake kwa taa ndogo ya mbele, kamera palepale kwenye stendi, nikaziunganisha kwenye kompyuta. Hapo ndipo nikaziona alama za vidole vyangu. Kuzifuta moja moja kulinikesha.