Kilo Zilezile, Foklifti Ileile

Chukua kasha la mbao lenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1 na uzito wa kilo 2,000. Foklifti ya kilo 2,500 ikiliingilia ubavuni, inalinyanyua bila tatizo. Ikiliingilia kwenye ncha, magurudumu ya nyuma yanaweza kuachana na sakafu. Hakuna hata kilo moja iliyoongezeka.

Foklifti ni mizani iliyoegemea ekseli ya mbele. Upande mmoja kuna mzigo juu ya uma. Upande wa pili kuna mwili wa gari na lile bonge la chuma lililofungwa nyuma kabisa, ambalo wengi hudhani ni bampa. Katika mizani ya namna hii, kinachoshindana ni kilo zikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye ekseli. Bonge halisogei. Mzigo ndio unaoweza kukaa karibu au mbali.

Kwa hiyo kibao cha mtengenezaji hutaja vitu viwili pamoja: kilo 2,500, na milimita 500. Milimita hizo hupimwa kutoka uso wa uma, pale mgongo wa mzigo unapoegemea, hadi katikati ya uzito wake. Tuseme kutoka ekseli hadi uso huo ni nusu mita nyingine. Jumla mita 1, mara kilo 2,500: ndio uwezo wa gari. Kasha letu likibebwa kwa ubavu, kitovu chake kiko milimita 500, nalo liko ndani ya kiwango. Likibebwa kwa ncha, kitovu kinakwenda mita 1.2, yaani mita 1.7 kutoka ekseli. Gawanya 2,500 kwa 1.7, unapata kama kilo 1,470. Kasha limezidi kwa zaidi ya kilo 500. (Hesabu hii ni ya kuelewa tu, kazini hufuatwa kibao, maana mlingoti ukipanda juu kiwango hushuka tena.)

Dereva huanza kuona dalili kwenye usukani. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, hivyo nyuma ikipungua uzito, usukani huwa mwepesi ghafla. Hapo baadhi huita wenzao wasimame juu ya bonge, jambo la hatari kabisa: uma na mlingoti bado vimezidiwa, na sasa kuna watu wa kurushwa.

Upande wa kushoto na kulia ni hesabu nyingine. Ekseli ya nyuma imeshikwa kwa pini moja katikati, hivyo ingawa magurudumu ni manne, gari limesimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya mbele na pini hiyo. Kitovu cha uzito wa gari na mzigo kikitoka nje ya pembetatu, gari linaanguka. Mzigo hukivuta mbele, kwenye upana. Ukiushusha, kitovu hurudi nyuma ambako pembetatu ni nyembamba, na ndiyo sababu foklifti tupu inayokata kona kwa kasi hupinduka ubavu kwa urahisi kuliko iliyobeba mzigo chini.