Unapojifunza Kuandika Kichina Kwenye Kishikwambi

Mtu mzima anayejifunza Kichina, awe mwanafunzi wa jioni katika Taasisi ya Konfusio ya Chuo Kikuu cha Nairobi au mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou, hakawii kukutana na programu za kufundishia mwandiko. Kioo kinaonyesha kisanduku chenye herufi iliyofifia, nawe unaifuatisha kwa kidole au kalamu, mstari baada ya mstari. Ukipatia, mstari unakolea. Ukikosea, unafutika. Baada ya wiki chache herufi zote zinapendeza, lakini ukipewa karatasi tupu mkono unasita.

Sababu imo katika namna programu inavyosahihisha. Chukua Hanzi Writer, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia. Humo kila herufi imehifadhiwa kama mfuatano wa mistari, na kila mstari una njia yake ya katikati, yenye mwanzo na mwisho. Ukishainua kidole, programu inauliza maswali machache: Je, umeanzia na kuishia karibu na panapotakiwa? Umeelekea upande unaotakiwa? Umbo linafanana? Mstari si mfupi kupita kiasi?

Kwa maswali hayo, inafundisha mpangilio vizuri sana. Tazama 国, yaani nchi, yenye mistari minane. Mgeni huchora kwanza boksi zima kwa mzunguko mmoja, kisha anajaza ndani. Mchina huanza na mstari wa kushoto, halafu mmoja unaokwenda kulia na kukunja kushuka chini, kisha mitano ya ndani, na mwisho kabisa anafunga boksi kwa mstari wa chini. Ukizungusha boksi kwa mkupuo mmoja, programu inakataa papo hapo, na kila unaporudia mkono unazoea njia sahihi. Mwalimu mwenye wanafunzi thelathini hawezi kumwangalia kila mmoja hivyo.

Udhaifu wake uko kwenye uwiano. Katika mipangilio ya kawaida ya Hanzi Writer, mwanzo na mwisho wa mstari unaruhusiwa kupotoka kwa takriban robo ya upana wa kisanduku. Kwenye kisanduku cha sentimita 8, hiyo ni karibu sentimita 2. Ulegevu huo una sababu, maana kidole ni kinene na kioo kinateleza. Lakini linganisha 土, udongo, na 士, msomi. Zote zina mistari mitatu, kwa mpangilio uleule: mlalo wa juu, wima, mlalo wa chini. Tofauti ni kwamba katika 土 mlalo wa chini ndio mrefu, na katika 士 ni ule wa juu. Ukiombwa kuandika udongo, ukarefusha mstari wa juu kidogo na kuufupisha wa chini kwa sentimita moja na nusu kila upande, kila mstari peke yake unaweza kukubaliwa. Hakuna swali linaloulinganisha mstari mmoja na mwenzake.

Halafu linafuata jambo ambalo naliona baya zaidi: mstari wako ukikubaliwa, programu inauondoa na kuweka wake uliochorwa kwa ustadi. Umeandika msomi, kioo kinakuonyesha udongo mzuri, na kosa huwezi kuliona tena.

Kwa hiyo chagua programu inayokuachia mwandiko wako. Skritter, kwa mfano, ina mpangilio unaoitwa Raw Squigs, ambao huacha mistari yako ilivyo mpaka umalize herufi. Zima pia kile kivuli cha herufi, kwa sababu kufuatisha na kukumbuka ni kazi mbili tofauti. Tumia kalamu badala ya kidole, na iwe ya ncha nyembamba, kwani zile za ncha nene ya mpira hufunika mstari unaouandika. Kisha, siku hiyohiyo, andika herufi zilezile kwenye karatasi ya miraba iliyogawanywa kwa msalaba, kama watoto wa shule za China wanavyofanya. Msalaba ule ndio unaokuonyesha mstari upi umepita katikati na upi umeishia njiani.

Na kabla ya kuanza, angalia unaandika kwa ajili gani. Mtihani wa HSK ukifanywa kwa kompyuta, herufi huingizwa kwa kibodi. Ukifanywa kwa karatasi, sehemu ya uandishi huandikwa kwa mkono. Anayejiandaa kwa karatasi asilipie programu yoyote kabla ya kuijaribu kwa 土: andika mlalo wa chini mfupi kuliko wa juu, uone kama itakukatalia.