Lebo ya Sweta la Mtumba Inasemaje?

Sweta la sufu la mtumba lina lebo ndogo iliyoshonewa ubavuni kwa ndani. Mnunuzi anaipiga picha, simu inatafsiri Kijerumani kilichoandikwa humo, na jibu linakuja: "Fua upande wa kushoto."

Wajerumani huita upande wa ndani wa kitambaa upande wa kushoto. Kinachotakiwa ni kuligeuza sweta, ndani iwe nje, kabla ya kulifua.

Simu inapotafsiri husoma herufi, lakini michoro huiacha ilivyo, na humo ndimo yalimo maelekezo mengi. Lebo za Ulaya hutumia alama za Ginetex, shirika lililoundwa Paris mwaka 1963. Beseni ni kufua, pembetatu ni jiki na dawa nyingine za kung'arisha, mraba ni kukausha, pasi ni pasi, na duara ni kazi ya dobi mwenye mashine na dawa maalumu. Mchoro uliokatwa kwa X umekatazwa.

Kwenye sweta hili, beseni lina mkono ndani yake: lifuliwe kwa mkono, kwa maji yasiyozidi nyuzi 40. Asiye na kipimajoto atumie maji ambayo mkono hauyasikii kuwa ya moto wala ya baridi. Unywele wa sufu una magamba madogo. Ukipata joto na kusuguliwa, magamba hushikana, na sweta hutoka dogo na gumu. Halirudi tena.

Pembetatu imekatwa, maana jiki hula sufu na kuitia umanjano. Mraba wenye duara ndani nao umekatwa, kwa hiyo mashine ya kukaushia haifai. Pembeni yake kuna mraba mwingine wenye mstari mmoja wa kulala: sweta lilazwe juu ya taulo, lisitundikwe kwenye kamba. Likitundikwa likiwa limelowa, uzito wa maji huvuta mabega na mikono. Pasi ina nukta mbili, yaani moto wa wastani. Nukta moja ingekuwa moto mdogo, tatu moto mkali.

Nguo za Marekani huweza kuonyesha joto la maji kwa nukta ndani ya beseni badala ya tarakimu: moja ni nyuzi 30, mbili ni 40, tatu ni 50.

Picha ya lebo iliyofifia inaweza kudanganya. Pembetatu yenye mistari miwili ya mshazari ndani yake inaruhusu dawa za kung'arisha zisizo na klorini, ilhali yenye X inakataza zote, na mistari ikipauka hizo mbili hufanana. Piga picha nyingine kwenye mwanga wa mchana, karibu zaidi. Ikishindikana, jiki ikae kando na sweta lifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila kulisugua wala kulikamua kwa kulisokota.